Ndagala wa Nani?

Tuanzie gatini Kalundu, upande wa Kongo, katika miaka ya kabla ya 2022. Tuseme boti mbili zinashusha magunia ya ndagala wakavu. Moja imetoka Kigoma, nchini Tanzania, na nyingine imetoka Mpulungu, nchini Zambia. Samaki ni wale wale, wa ziwa lile lile, na jua lililowakausha ni moja. Lakini mbele ya duane magunia hayo hayakuwa sawa. Ya Mpulungu yangeweza kudai nafuu ya ushuru kwa mkataba wa COMESA, kwa kuwa Zambia ni mmoja wa waliofungua soko huria la COMESA mwezi wa Oktoba 2000. Kongo ni mwanachama wa COMESA, ingawa kwenye soko huria lenyewe ilichelewa kuingia. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka huo huo wa 2000. Ilibaki SADC, ambako Kongo pia ni mwanachama, ila SADC ilipoanzisha eneo lake la biashara huria mwaka 2008, Kongo haikuingia. Kwa hiyo ndagala wa Kigoma alikuwa jirani wa karibu kwa maji na mgeni kwa karatasi.

Wengi hudhani ushuru hufuata mahali mzigo ulipopakiwa. Sivyo. Katika soko huria, duane haiulizi mzigo umetoka bandari gani, inauliza umezaliwa wapi. Kanuni zinazojibu swali hilo zinaitwa kanuni za uasili wa bidhaa, na hoja yangu leo ni kwamba kanuni hizo ndizo zinazoamua nani anafaidi soko huria, kuliko mikataba inayosainiwa mbele ya kamera.

Katika eneo hili letu swali hilo ni geni kiasi. Mkutano wa Berlin wa 1885 ulilitangaza bonde la Kongo, pamoja na nchi za mashariki yake hadi Bahari ya Hindi, kuwa eneo la biashara huru kwa mataifa yote. Mwaka 1890 huko Brussels iliruhusiwa kutoza ushuru wa kuingiza usiozidi asilimia 10, na mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukashikilia tena usawa kwa mataifa yaliyotia saini. Mbelgiji mwenyewe, akiwa mtawala, hakuruhusiwa kuipendelea nguo ya Ubelgiji kuliko ya Mwingereza. Pasipo upendeleo, uasili hauna kazi. Usawa huo, tuseme kweli, ulikuwa wa wenye viwanda vya Ulaya. Mkulima na mvuvi wa hapa hakuulizwa. Upendeleo wa majirani ulikuja baada ya uhuru: kwanza CEPGL, iliyoundwa Gisenyi mwaka 1976 na Zaire, Rwanda na Burundi, kisha COMESA, na sasa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022. Siku nchi inapomwambia jirani kuwa bidhaa zake zitapita bure, inabidi ijue zipi ni zake kweli.

Kwa mahindi ya bonde la Ruzizi jibu ni rahisi: kilichopandwa na kuvunwa ndani ya nchi ni cha nchi hiyo kizima. Samaki wana ujanja zaidi, maana ziwa linagawanywa na nchi nne na mukeke hajui mpaka. Kanuni za COMESA zinamfuata mvuvi: samaki wa ziwani huhesabiwa kuwa wa nchi fulani akivuliwa na chombo cha nchi hiyo, na chombo kinatambuliwa kwa kuandikishwa kwake pamoja na uraia wa mabaharia au wa wenye mali. Samaki, basi, hupata uraia wake wavuni.

Kwa bidhaa za kiwandani hesabu ni ndefu kidogo. Chukulia, kwa mfano tu, kiwanda cha sabuni Bujumbura. Katoni moja inatumia malighafi ya dola 10: mawese ya dola 6 kutoka Fizi, magadi makali ya dola 2 na nusu kutoka ng'ambo, na karatasi za kufungia za dola 1 na nusu zilizotengenezwa hapo hapo Burundi. Kipimo kimoja cha COMESA kinasema malighafi ya nje isizidi asilimia 60 ya gharama ya malighafi yote. Hapa ya nje ni asilimia 25 tu, kwa sababu mawese ya Kongo hayahesabiwi kuwa ya nje: malighafi ya mwanachama mmoja hujumlishwa na ya mwingine. Sabuni inarudi Kalundu kwa nafuu, na ndani yake mna mchikichi wa Fizi. Sasa badilisha mawese hayo, weka ya Malesia. Ya nje inafika asilimia 85, na kipimo kile kinashindwa. Lakini kanuni zinatoa njia nyingine, na mojawapo ni kwamba malighafi ya nje iwe imegeuka kuwa bidhaa ya fungu jingine kabisa katika orodha ya ushuru. Mafuta yakiwa sabuni yamegeuka kweli, kwa hiyo sabuni hiyo bado inaweza kupita. Mchele wa Pakistani uliohamishiwa kwenye gunia jipya Bujumbura haupiti kwa njia yoyote. Kufungasha, kubandika lebo na kuchanganya kwa wepesi hakuzalishi uasili. Vivyo hivyo kitenge cha China kilichopita Dar es Salaam na Kigoma hufika Kalundu kikiwa kitenge cha China.

Wapo watakaosema kanuni hizi ni mzigo kwa mama mwenye magunia mawili, na kwamba sasa tukiwa jumuiya moja zifutwe. Zingeweza kufutwa kama nchi zote zingekuwa zinatoza ushuru ule ule kwa bidhaa za nje. Kongo iliingia ikiwa na viwango vyake, na hata wanachama wa zamani huomba ruhusa ya kuachana na kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani. Penye tofauti hiyo, bila kanuni, kila mzigo wa ng'ambo ungeingilia kwenye ushuru mdogo kisha ukavuka ziwa ukijiita jirani. Kuhusu huyo mama, lawama ina haki, na dawa yake imeshaandikwa: katika Jumuiya, mzigo usiozidi dola 2000 unatumia cheti chepesi cha uasili kinachotolewa na duane mpakani, COMESA nayo ina utaratibu kama huo kwa bidhaa zilizoorodheshwa na nchi mbili jirani.

Lalamiko la pili ni la mwenye cheti ambaye bado amelipa. Mara nyingine ameonewa, mara nyingine hapana. Cheti kinaondoa ushuru wa kuingiza peke yake. Kodi ya thamani, yaani TVA, ina sheria yake, na ukaguzi wa ubora una ada yake. Anayetaka kujua aombe karatasi ya malipo na kuisoma mstari kwa mstari, aone kama ushuru wa kuingiza umeandikwa. Na ofisa akitilia shaka uasili, mikataba inampa njia: kumwuliza aliyetoa cheti, na wakati jibu likingojewa, kuuachia mzigo kwa dhamana. Ndagala akizuiwa gatini wiki mbili za masika, huoza, na hapo jibu hata likija zuri halimsaidii mwenyewe.