Yai Lenye Vipele au Vumbi la Chaki: Je, Linalika?
(Hotuba ya afisa wa mifugo kwa wafugaji wa kuku, Keroka)



Siku ya soko hapa Keroka nilimkuta mama mmoja akirudi nyumbani na mayai 7 kwenye trei. Mnunuzi alichukua 23, haya akayakataa akisema kuku ni wagonjwa. Mawili yalikuwa na vipele, moja lina madoadoa, na manne yalionekana kama yamepakwa chaki. Nilimwambia ayapikie watoto, na sababu ni hii.

Ganda la yai ni chokaa. Kuku hulijenga kwa muda wa saa 20 hivi, na rangi ya kahawia huja mwishoni. Chokaa ikijikusanya mahali pamoja, huwa kipele. Rangi isiposambaa sawasawa, huwa madoadoa. Na kuku akishtuka, hulizuia yai ndani kupita wakati wake, nalo huongezewa chokaa nyembamba juu ya ile rangi. Hilo ndilo vumbi jeupe. Nilipomuuliza yule mama, alisema mbwa alikuwa ameingia bandani usiku wa juzi yake. Kuku wake pia ni wazee, na kuku mzee hutaga mayai ya vipele mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo kasoro hiyo iko juu ya ganda tu. Ute na kiini ni vilevile. Msikwangue vipele, kwani kipele kikibanduka huweza kuacha tundu, na hapo vijidudu hupata njia ya kuingia.

Yai la kuogopa ni lipi? Ni lile lenye ufa unaovuja, lenye harufu mbaya, au lenye ukungu. Ukungu huwa na manyoya ya kijani au meusi, na hupatikana kwenye mayai yaliyokaa penye unyevu. Chokaa ni kavu, ngumu, na haina harufu. Ukiwa na shaka, livunjie kwenye kikombe kwanza. Na yai lolote, hata lenye ganda safi, lipikwe mpaka ute na kiini vigande.

Jambo la mwisho. Mayai machache ya namna hii yasikutie hofu. Lakini yakiongezeka ghafla katika banda zima, maganda yakawa laini au yamejikunja, ute ukawa kama maji, na kuku wakikoroma au kupunguza kutaga, huo huenda ni ugonjwa wa kuku, kama vile kideri. Mwite afisa wa mifugo wa wadi yako mapema. Na ukipewa dawa, usile wala kuuza mayai mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe. Mabaki ya dawa hayaonekani kwenye ganda.