Ukiambiwa Wewe Ndiwe Uliyeanza Kuvunja Mkataba

(Mazungumzo ya wakili mmoja, mwanafunzi wa zamani, katika mkutano wa mwaka uliofanyika Ngarenaro, Arusha)



Nimeombwa nieleze namna ya kujibu madai kinzani. Unamdai mtu, naye anageuka kukudai wewe, akisema ndiwe uliyeanza kuvunja mkataba.

Tuchukue mfano wa kutunga. Seremala wa hapa Ngarenaro aliahidi kumtengenezea mwenye gesti vitanda 40 kwa shilingi 12,000,000. Nusu ilipwe tarehe 1 Aprili, vitanda vitolewe ndani ya siku 60 baada ya malipo hayo, kisha nusu ya pili ilipwe. Vitanda vilifika tarehe 20 Juni, na nusu ya pili haikulipwa. Seremala akashtaki. Mwenye gesti akajibu kwa hoja tatu: umechelewa siku 20, vitanda 4 vimepasuka, nami nimepoteza wageni.

Kosa la wengi ni kujibu, "Huo ni uongo mtupu." Kila ibara ijibiwe peke yake, kwa namba yake, kwani usilolikanusha waziwazi mahakama yaweza kulichukua kuwa umelikubali.

Hoja ya kwanza hujibiwa kwa kalenda. Stakabadhi yaonyesha kuwa nusu ya kwanza ililipwa tarehe 22 Aprili. Siku 60 kutoka hapo zinaishia tarehe 21 Juni. Basi seremala aliwahi kwa siku moja. Aliyetakiwa kutangulia ni mlipaji, na ndiye aliyechelewa.

Hoja ya pili ni ya kweli, na seremala aikubali, lakini kwa kipimo chake. Kutengeneza vitanda 4 ni shilingi 200,000. Kasoro hiyo inapunguza deni la 6,000,000 liwe 5,800,000. Hailifuti, maana vitanda vyote vimepokelewa na vinalaliwa. Ukikana hata lililo wazi, hakimu hatakuamini penye haki yako.

Hoja ya tatu iulizwe: kitabu cha wageni kiko wapi, na hasara hiyo imeletwa na nini? Kuvunja mkataba ni jambo moja, kuleta hasara ni jingine. Mtakumbuka mkataba wa maji wa Dar es Salaam, uliovunjwa mwaka 2005. Mwaka 2008 wasuluhishi waliona kuwa serikali yetu ilikiuka baadhi ya wajibu wake kwa kampuni ya Biwater Gauff, lakini hawakuipa kampuni hiyo fidia, kwa kuwa hasara yake haikuletwa na ukiukaji huo.

Silaha ya kazi hii ni karatasi zenye tarehe: mkataba, stakabadhi, hati ya kupokelea mali. Asiyezitunza atabaki na neno lake dhidi ya neno la mwenzake, na majibu yake, hata yakiwa ya kweli, yatakosa pa kuegemea.