Mwenye Mtaji na Mwenye Kazi: Wachague Biashara Gani, na Wagawane Vipi?

Mazungumzo ya afisa wa biashara na wafanyabiashara wadogo wa Kawangware, Kangemi na Dagoretti

 

Wengi wenu mmeniuliza swali moja. Kuna mtu anayefanya kazi ofisini mjini, ana akiba kidogo, lakini hana muda. Kuna mwingine hapa Kawangware mwenye ujuzi na wateja, lakini hana pesa za kuanzia. Wangependa kushirikiana. Waanzishe nini, na wagawane vipi? Nitawaita mshirika wa mtaji na mshirika wa kazi.

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Ni biashara gani ina faida kubwa?" Kwa washirika wa aina hii, hilo ni swali la tatu. La kwanza ni hili: yule ambaye hayuko dukani ataweza kujua kilichotokea dukani bila kumpeleleza mwenzake? La pili: mambo yakiharibika, pesa zitakuwa zimegeuka kitu kinachoweza kuuzwa tena, au zitakuwa zimeliwa?

Chukueni hoteli ndogo ya chakula. Chakula kikishaliwa hakiachi alama. Sufuria ya maharagwe inaweza kutoa sahani nyingi au chache kulingana na mkono wa anayepakua, na kinacholala huharibika. Mshirika wa mtaji hawezi kuhakikisha chochote, naye wa kazi hawezi kujitetea hata akiwa mwaminifu kabisa. Mitumba ya pale Toi nayo ina shida yake. Robota moja likifunguliwa, nguo moja inauzwa bei nzuri na ya pili inauzwa bei ya kutupa. Bei ya kila nguo anaijua aliyeiuza peke yake. Hizi ni biashara nzuri kwa mtu mmoja anayesimama dukani mwenyewe. Kwa washirika ambao mmoja wao hayupo, zinazaa tuhuma.

Sasa tazameni ushonaji wa sare za shule. Pesa nyingi huingia kwenye mashine, na cherehani iliyotunzwa inauzika. Kitambaa hununuliwa kwa mita, pale mjini Biashara Street au Eastleigh, na muuzaji hutoa risiti. Nguo huhesabiwa moja moja. Tuseme fundi mwenyewe amesema sketi moja ya kipimo fulani inachukua mita moja na robo. Basi mita 40 zinatoa sketi 32. Ruhusuni mbili ziharibike katika kukata. Ikiwa zimeuzwa 24 na hakuna iliyobaki kwenye rafu, kuna swali la kuulizwa, na linaulizwa kwa upole kwa sababu kipimo ni cha fundi mwenyewe.

Lakini hata hapa kuna tundu. Kuna mteja anayeleta kitambaa chake, kuna wa kubadilisha zipu, kuna wa kupunguza suruali. Kazi hizi hazipimwi kwa mita. Washirika wengi hugombana kwa sababu yake, mmoja akidai hela za zipu na mwingine akisema zilikuwa chache. Ushauri wangu ni kwamba msijaribu kuhesabu kisichohesabika. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba marekebisho madogo ni ya mshirika wa kazi, naye ajinunulie uzi na zipu zake. Sare zinabaki kuwa za biashara.

Sasa tuje kwenye kugawana. Nitatumia mfano wa tarakimu nyepesi. Wekeni zenu mahali pake.

Mshirika wa mtaji ametoa shilingi 150,000. Cherehani mbili na ovaloki zimechukua 90,000. Kitambaa na uzi 30,000. Kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana 16,000. Meza, rafu na vibali 14,000. Mwezi mzuri wanauza sare za 90,000. Kitambaa, uzi na vifungo ni 35,000, kodi 8,000, umeme na nauli 5,000, na 2,000 zinawekwa kando kwa matengenezo ya mashine. Zinabaki 40,000.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Watu husema, "Tugawane nusu kwa nusu," kila mmoja anachukua 20,000, na inaonekana ni haki. Lakini ulizeni: fundi huyu angeajiriwa kwa mtu mwingine angelipwa ngapi? Tuseme 18,000. Basi kwa kubeba biashara yote mgongoni mwezi mzima amepata 2,000 tu zaidi ya kibarua, na mwenzake amepata 20,000 akiwa ofisini. Baada ya miezi michache fundi ataanza kuchelewa kufungua. Kitakachokuwa kimemchosha ni ule mgawo.

Njia iliyo salama ni kufuata mpangilio, kama foleni. Wa kwanza kwenye foleni ni ujira wa mshirika wa kazi, kiasi ambacho angelipwa kwingine. Toa 18,000, zinabaki 22,000. Wa pili ni mtaji kurudi kidogo kidogo. Toa 10,000 kwa mshirika wa mtaji na uandike kwamba sasa anadai 140,000. Zinabaki 12,000. Hizo ndizo faida, na hizo ndizo za kugawana nusu kwa nusu, 6,000 kila mmoja. Mwezi huo wa kazi amepata 24,000, wa mtaji 16,000.

Mtaji ukisharudi wote, mashine ziwe za nani, na faida igawanywe vipi? Andikeni leo. Wengine hukubaliana kwamba mashine zinakuwa za wote wawili sawasawa, na mgawo wa faida unasogea, fundi akipata 60 kwa mia na mwenzake 40, kwa sababu mwenye mtaji hana tena pesa zake hatarini kama mwanzoni. Hakuna kiwango kimoja kilicho sahihi. Ila kitu kisichoandikwa kitageuka ugomvi siku mtaji utakapomalizika kurudi.

Sasa mwezi mbaya, kama Novemba shule zikiwa zimefungwa. Mauzo ni 50,000. Kitambaa 20,000, kodi, umeme na nauli 13,000, akiba ya matengenezo 2,000. Zinabaki 15,000. Kwa foleni yetu, zote zinaenda kwa ujira, na 3,000 zilizopungua zinaandikwa ili zilipwe kwanza mwezi mzuri ukija. Wa mtaji hapati kitu mwezi huo.

Wapo washirika wa mtaji wasiotaka hivyo. Wanataka kiasi kilekile kila mwezi, mvua inyeshe au jua liwake. Mnaujua mtindo huu kutoka kwa matatu zinazotupeleka mjini: mwenye gari anadai hesabu ya siku, na dereva na makanga wanabaki na kinachozidi. Faida yake ni kwamba mwenye gari hahitaji kupeleleza mauzo. Hasara yake mnaiona barabarani: gari linakimbizwa, linajazwa kupita kiasi, na dereva hajali sana injini kwa sababu injini si yake. Kwenye mfano wetu, mwenye mtaji angedai 15,000 kila mwezi, fundi angerudi nyumbani Novemba mikono mitupu. Anayetaka kiasi kisichobadilika ajue kwamba anakopesha au anakodisha mashine. Si ubaya, lakini basi asidai tena nusu ya faida.

Ndugu zetu wa Pwani wanaofuata taratibu za Kiislamu wana mkataba wa zamani wa mambo haya, mudharaba. Faida hugawanywa kwa uwiano uliokubaliwa mapema, wala si kwa kiasi kilichokatwa. Hasara ya mtaji humwangukia mwenye mtaji, naye mwenye kazi hupoteza jasho lake, isipokuwa kama amefanya uzembe au hiana. Hata asiye Mwislamu anaweza kujifunza hapo kwamba kila mmoja huweka hatarini kile alicholeta.

Sheria yetu isipoambiwa lolote haisemi hivyo. Chini ya Sheria ya Ubia ya mwaka 2012, washirika wasipokubaliana vingine, hugawana faida na hasara sawasawa. Maana yake, bila maandishi, fundi aliyeleta mikono yake tu anaweza kujikuta akidaiwa nusu ya hasara. Na upande wa pili pia kuna hatari. Katika ubia wa kawaida, anayeidai biashara anaweza kuwafuata washirika wenyewe hadi mali yao binafsi. Fundi akichukua kitambaa kwa mkopo, muuzaji anaweza kumgeukia yule wa ofisini aliyedhani amehatarisha 150,000 tu. Kwa hiyo andikeni kwamba deni lolote linalozidi kiasi fulani, tuseme 10,000, halichukuliwi bila wote wawili kukubali. Maandishi hayo hayamzuii muuzaji asiyeyajua kudai, lakini yanaonyesha kati yenu ni nani aliyekiuka. Wanaotaka kinga zaidi wanaweza kusajili kampuni au ubia wenye dhima yenye mipaka. Usajili unafanyika kupitia eCitizen.

Kabla ya kununua hata sindano moja, kaeni na karatasi moja. Andikeni kila mmoja ameleta nini, pamoja na mashine kuukuu ya fundi na thamani yake. Andikeni foleni ya malipo, kiwango cha deni, na jinsi ya kuachana: notisi ya miezi mingapi, nani anapewa nafasi ya kwanza kununua mashine, na nani atazipima thamani. Andikeni pia mmoja akifariki, familia yake italipwa nini. Mtieni sahihi nyote wawili mbele ya mashahidi.

Halafu malipo ya sare yote yapitie nambari moja ya biashara ya Lipa na M-Pesa, na pesa taslimu ziandikwe kwenye kitabu cha risiti chenye nambari zinazofuatana. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kaeni pamoja, hesabuni mita zilizobaki na nguo zilizo kwenye rafu. Mwenzako akianza kuahirisha kikao hicho mara mbili mfululizo, au kurasa za risiti zikianza kuruka nambari, simamisha ununuzi wa kitambaa kipya mpaka mkae. Usingoje Januari, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupita mikononi.

Nimemaliza. Mwenye swali kuhusu kibali cha biashara au usajili, tubaki naye hapa.