Fonti, Ukubwa wa Maandishi na Miungano ya Alama katika Kihariri cha Msimbo: Mapendekezo kwa Waandishi wa Programu wa Kahama na Ukanda wa Dhahabu

Mada hii inahusu mwandishi wa programu anayekaa mbele ya kompyuta mpakato kwa saa sita au nane kwa siku, akishughulikia takwimu za uchorongaji, hesabu za vipimo vya sampuli au mifumo ya malipo ya wafanyabiashara wa mjini Kahama, na ambaye hufika jioni macho yakiwa makavu na shingo ikiwa imekaza. Kihariri kitakachotumika kwa mifano ni Visual Studio Code, kwa kuwa kinapatikana bure na mipangilio yake huandikwa waziwazi kwa maneno, ingawa kanuni zinazoelezwa hapa hufaa katika kihariri chochote. Jambo linalosisitizwa ni mpangilio wa maamuzi: ukubwa wa maandishi uamuliwe kwanza, tena kwa rula na si kwa mazoea, fonti ichaguliwe baadaye kwa kuangalia jinsi inavyotenganisha herufi zinazofanana, na suala la miungano ya alama liamuliwe mwisho, kwa kutazama aina ya msimbo unaoandikwa.

Ugumu wa kwanza unatokana na namba yenyewe ya ukubwa. Kihariri kinapoonyesha kuwa maandishi yana ukubwa wa 14, namba hiyo ni hesabu ya pikseli, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha kwenye skrini, na haisemi lolote kuhusu milimita ambazo jicho litaziona. Kompyuta mpakato ya inchi 14 yenye pikseli 1366 kwa 768, ambayo ni ya kawaida sana miongoni mwa mashine zilizotumika zinazouzwa madukani, ina takribani pikseli 112 katika kila inchi, ilhali mashine mpya ya inchi 14 hizohizo yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina takribani 157. Kwa hiyo maandishi ya ukubwa wa 14 hupungua kwa zaidi ya robo mtu anapohama kutoka mashine ya kwanza kwenda ya pili bila kuongeza ukuzaji wa mfumo mzima wa uendeshaji. Mtu anayenakili mipangilio ya mwenzake neno kwa neno anaweza basi kupata matokeo tofauti kabisa, na akaishia kuilaumu fonti isiyo na kosa.

Kinachohesabika kwa jicho ni pembe ambayo herufi huifanya machoni, na pembe hiyo hutegemea kimo cha herufi pamoja na umbali wa skrini. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-303, kinachohusu skrini, kinaweka kimo cha chini cha herufi kuwa dakika 16 za pembe, dakika moja ikiwa ni sehemu ya 60 ya digrii, na kinapendekeza dakika 20 hadi 22 kwa usomaji wa starehe. Kwa mtu anayekaa sentimita 50 kutoka kwenye skrini, dakika 16 ni herufi kubwa yenye kimo cha milimita 2.3 hivi, na dakika 20 ni milimita 2.9. Kupima tofauti ndogo kiasi hicho kwa rula ya shule ni kazi ngumu, lakini ipo njia nyepesi inayotokana na tabia ya fonti za msimbo.

Fonti hizo huitwa fonti za upana sawa, kwa sababu kila herufi, iwe `i` au `m`, hupewa nafasi ya upana uleule, jambo linalofanya safu za msimbo zipangike wima. Katika fonti ya JetBrains Mono, iliyotolewa mwaka 2020 kwa leseni huria, upana wa kila nafasi ni asilimia 60 ya ukubwa wa fonti na kimo cha herufi kubwa ni asilimia 73. Kwa kuwa uwiano huo haubadiliki, urefu wa mstari unaweza kutumika kupima kimo cha herufi. Mwandishi aandike sifuri 50 mfululizo, kisha aweke rula juu ya skrini: mstari ukiwa na sentimita 9.6, herufi zimefika kiwango cha chini kwa umbali wa sentimita 50, na ukiwa na sentimita 12, zimefika kiwango cha starehe. Anayekaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini atahitaji sentimita 14.4 ili kupata starehe ileile. Kipimo hiki hakijali aina ya skrini wala ukuzaji wa mfumo, na hapo ndipo ubora wake ulipo.

Mashine ya pikseli 1366 iliyotajwa ikipimwa kwa njia hii, sifuri 50 za ukubwa wa 14 hutoa mstari wa sentimita 9.5, yaani chini kidogo ya mpaka wa chini kabisa. Hapa ndipo wengi walipo bila kujua, kwa kuwa 14 ndio ukubwa ambao kihariri huja nao kwenye Windows na Linux. Maandishi yanasomeka, na kwa nusu saa hakuna tatizo lolote. Ila kadiri saa zinavyosonga kichwa husogea mbele kidogo kidogo ili kuikuza pembe ambayo fonti imeipunguza. Dalili hiyo hupimika: umbali kutoka jichoni hadi kwenye skrini upimwe asubuhi na upimwe tena baada ya saa mbili za kazi, na ukipungua kwa sentimita 10 au zaidi, maandishi ni madogo hata kama mwenyewe anadai kuyaona vizuri. Kwenye mashine hiyo ukubwa wa 18 hutoa mstari wa sentimita 12.3, na huo ndio unaopendekezwa. Kwenye mashine ya pikseli 1920, ukubwa wa 14 bila ukuzaji wa mfumo hutoa sentimita 6.8 tu, na hali hiyo hairekebishwi kwa fonti peke yake. Ukuzaji wa mfumo uwekwe asilimia 150 kwanza, kisha fonti ipandishwe hadi 16 au 17.

Ukubwa huu una gharama, na ni haki gharama hiyo ielezwe. Kwa ukubwa wa 18 kila mstari huchukua pikseli 24 kwenda chini, hivyo skrini ya pikseli 768, baada ya kuondoa pau za juu na za chini, hubaki na mistari kama 25 badala ya 32. Kwa upana hali ni nafuu, maana herufi 80 huchukua pikseli 864 kati ya 1366, na nafasi hutosha endapo ramani ndogo ya msimbo iliyo upande wa kulia itazimwa. Mistari saba inayopotea hurejeshwa kwa kuigawa kazi katika vipande vifupi, ilhali shingo iliyokaza hairejeshwi kwa njia hiyo.

Baada ya ukubwa kufuata fonti, na katika ukanda huu kigezo chake hujitokeza chenyewe. Namba za mashimo ya uchorongaji, namba za sampuli na namba za miamala ya simu huchanganya herufi na tarakimu, kwa hiyo fonti isiyotenganisha `0` na `O`, au `1`, `l` na `I`, huzaa makosa ambayo programu haiwezi kuyagundua. Kiswahili nacho kina herufi `l` na `i` kwa wingi, na jina la kigezo kama `jumla1` linaweza kusomwa `jumlal` bila mtu kushtuka. Kabla ya kuikubali fonti yoyote, mstari ufuatao uandikwe kwa ukubwa uliochaguliwa, na mwangaza wa skrini ushushwe hadi kiwango kinachotumika umeme unapokatika na mashine kubaki kwenye betri:

```
0O 1lI| B8 5S 2Z rn m ,. ;: {} ()
```

Jozi yoyote inayohitaji kuangaliwa mara mbili inatosha kuikataa fonti hiyo. Consolas na JetBrains Mono hufaulu jaribio hili. Courier New hushindwa, kwa kuwa mistari yake ni myembamba na sifuri yake haina alama ya ndani. Ni vizuri pia kujua kwamba jina la fonti likikosewa au fonti yenyewe ikiwa haijasakinishwa, kihariri hakitoi onyo lolote, bali huchukua kimyakimya fonti inayofuata kwenye orodha. Sifuri iliyobadilika umbo ndiyo huwa dalili ya kwanza.

Suala la tatu ni miungano ya alama. Fonti kadhaa, zikiwamo Fira Code, JetBrains Mono na Cascadia Code, zina uwezo wa kuchukua alama mbili au tatu zinazofuatana na kuzionyesha kama umbo moja, kiasi kwamba `!=` huonekana kama alama ya kutolingana ya hisabati na `->` huonekana kama mshale kamili. Faili lenyewe halibadiliki, kwa maana alama hubaki mbili na kompyuta huzisoma mbili. Kinachobadilika ni mchoro tu. Wapo wanaoipenda miungano hii kwa sababu hupunguza msongamano, na kwa msimbo wa kawaida hoja yao ina uzito.

Kwa takwimu za eneo hili, hata hivyo, upo mtego mmoja mahususi. Ukanda wote wa dhahabu uko kusini mwa ikweta, kwa hiyo kila latitudo yake huandikwa kwa namba hasi: Geita iko karibu na -2.87 na Kahama karibu na -3.83. Programu ya Python inayotenga sampuli za maeneo hayo mawili inaweza kuandikwa hivi:

```python
if lat<-3.5:
    eneo = "Kahama"
```

Maana yake ni kuuliza kama latitudo ni ndogo kuliko hasi 3.5. Miungano ikiwa imewashwa, `<` na `-` huungana kuwa mshale unaoelekea kushoto, na alama ya hasi hutoweka machoni. Anayekagua msimbo huo huona mshale na 3.5 chanya. Jambo huzidi kuwa zito kwa anayetumia pia lugha ya R, ambayo hutumika sana katika takwimu za kijiolojia, kwa kuwa `lat<-3.5` katika R si swali bali ni amri ya kuipa `lat` thamani ya 3.5. Mchoro mmoja hubeba maana mbili zinazopingana. Nafasi moja baada ya `<` huuvunja mwungano na kuondoa utata katika lugha zote mbili, na tabia hiyo inafaa kufuatwa hata na asiyetumia miungano kabisa.

Katika chumba cha mafunzo kuna sababu nyingine. Mwanafunzi anayenakili kutoka ukutani, ambako projekta inaonyesha umbo lililoungana, huandika daftarini alama asiyoiona kwenye kibodi yake, na hushindwa kujua ni vitufe vipi alipaswa kubonyeza.

Mipangilio inayopendekezwa kwa mashine ya inchi 14 yenye pikseli 1366 kwa 768 ni hii:

```json
"editor.fontFamily": "'JetBrains Mono', Consolas, monospace",
"editor.fontSize": 18,
"editor.lineHeight": 0,
"editor.fontLigatures": false,
"editor.minimap.enabled": false
```

Sifuri katika `editor.lineHeight` humaanisha kuwa kihariri chenyewe hukokotoa nafasi kati ya mistari kulingana na ukubwa wa fonti, na kwa kawaida hakuna haja ya kuigusa. Atakayehamia mashine nyingine aziandike upya sifuri zake 50 na kuzipima kwa rula kabla ya kuendelea na kazi. Wakufunzi wote, pamoja na kila anayeandika msimbo wenye latitudo za ukanda huu, wanaombwa waache miungano ya alama ikiwa imezimwa.