Wastani Hautoshi: Kupanga na Kukagua Taa za Ofisi ya Wazi Mjini Rumonge

1. Suala lenyewe

Mafundi wengi hukokotoa idadi ya taa kwa njia ya lumeni, wakaishia hapo. Njia hiyo hutoa wastani wa mwangaza wa ukumbi mzima. Haisemi ni meza ipi iliyobaki gizani. Mada hii inaonyesha kwa nini hesabu lazima ifuatwe na ukaguzi wa ulinganifu.

2. Hesabu

Tuchukue mfano wa ofisi ya wazi Rumonge, yenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 9, madirisha yakitazama ziwa upande wa magharibi. Kiwango cha Ulaya EN 12464-1 kinataka laksi 500 kwa kazi ya kusoma na kuandika. Kutoka uso wa meza hadi taa ni mita 2.1. Kila paneli ya ledi inatoa lumeni 3,600, na jedwali la mtengenezaji linatupa kigezo cha matumizi cha 0.90 kwa ukumbi wa ukubwa na rangi hizo.

Kigezo cha matunzo ndicho kinachohitaji busara. Vumbi la kiangazi, na wadudu wanaofuata taa usiku kando ya ziwa, huchafua paneli haraka. Ikiwa usafishaji hauna ratiba, natumia 0.7 badala ya 0.8.

N = (500 × 135) ÷ (3,600 × 0.90 × 0.7) = 29.8

Tunafunga taa 30: safu 5 zinazoenda sambamba na madirisha, kila safu taa 6. Nafasi kati ya taa ni mita 2.5 kwa 1.8, na ya mwisho hukaa nusu ya nafasi hiyo kutoka ukutani.

3. Mtego

Mwenye jengo anaweza kupendekeza taa 15 zenye lumeni 7,200, ili apunguze nyaya. Jumla ya lumeni ni ileile, na wastani kwenye karatasi haubadiliki. Lakini nafasi sasa ni mita 3, yaani mara 1.43 ya kimo cha mita 2.1. Ikiwa mtengenezaji anaruhusu 1.25, vivuli vitaonekana katikati ya taa. Taa zetu 30 zinabaki 1.19.

4. Ukaguzi

Pima usiku, jua la ziwani lisije likaficha kasoro. Weka kipima mwanga kwenye kimo cha meza, pima nukta zilizopangwa kwa mraba, kisha gawanya kipimo cha chini kabisa kwa wastani. Kiwango kinataka angalau 0.6 kwenye eneo la kazi. Wastani wa 500 wenye kima cha chini cha 240 unatoa 0.48: umefeli.

Taa zikiwa mpya, wastani uwe karibu laksi 720. Ukisoma 500 siku ya makabidhiano, uchakavu na vumbi vitaushusha hadi 350.

5. Mapendekezo

Rudia vipimo baada ya kupanga makabati na vizuizi vya meza, kwa sababu njia ya lumeni huchukulia ukumbi ni mtupu. Kila safu iwe na swichi yake, ili ile ya dirishani izimwe mchana. Mkataba utaje vipimo viwili, wastani na ulinganifu, na fundi alipwe vikitimia vyote.