Kabla ya Kufika Baraza la Kata

Manzese ndoa haina siri. Nyumba ya kupanga ina vyumba sita na korido moja. Mkigombana chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anajua nani kaanza. Kwa hiyo mtu akiniambia haendi kwa mshauri wa ndoa kwa kuogopa kuanika mambo ya ndani, namshangaa. Mambo ya ndani yalishatoka zamani, tena yamefika kwa watu wasioweza kumsaidia.

Tatizo letu ni kwamba msaada tunaanza kuutafuta pale ulipopaswa kuishia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi, ambalo kwa wengi wetu ni Baraza la Kata, kabla mtu hajafungua kesi ya talaka. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kusema hivyo. Basi wengi wanaofika pale wameshafunga mizigo moyoni, wanaifuata hati tu. Wajumbe nao wanajitahidi, lakini unampatanishaje mtu aliyekuja na begi?

Nitoe mfano wa wenzetu wawili. Nimewatunga, ila kila mtaa unao. Mume anauza viatu vya mtumba Darajani, mke ana genge la mboga Midizini. Wana watoto wawili. Genge lilipoyumba, mke alikopa laki tatu kwa wale wa kausha damu, arudishe elfu kumi na mbili kila siku kwa siku thelathini. Hakumwambia mumewe. Siku nne mfululizo akakosa rejesho, wakusanyaji wakaja kusimama mlangoni jioni, majirani wote nje. Mume akajua mbele za watu. Tangu siku hiyo haachi hela ya matumizi, anakula kwa mama ntilie, na akitaka kusema jambo anamtuma mtoto: "Mwambie mama yako."

Mshenga aliitwa. Akamwambia mke aombe radhi, mume asamehe. Wakaitikia vizuri, soda zikanywewa, na wiki mbili baadaye ugomvi ukarudi vilevile. Hapo ndipo pa kwenda kwa mshauri. Mkigombana, mkaombana radhi na kitu kikabadilika, hamhitaji mtu. Lakini ugomvi uleule ukirudi baada ya wazee kuumaliza, au mkifikia kuzungumza kupitia mtoto, ujue kuna jambo chini yake ambalo radhi hailigusi.

Kuna hali moja ambayo mimi siwashauri mwende wawili: pakiwa na kipigo. Anayepigwa hawezi kusema kweli akiwa amekaa ubavuni mwa anayempiga, na akisema, atailipia usiku akirudi nyumbani. Huyo aende peke yake, na akifika kituo cha polisi aulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria hiyohiyo ya Ndoa inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga.

Wenzetu hawa hawapigani. Waende wapi? Pana ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa, na kwa sisi wa Manzese manispaa yetu sasa ni Ubungo, si Kinondoni tena. Hiyo ni huduma ya serikali. Ukiombwa hela ya pembeni, ondoka ukalalamike. Wapo pia viongozi wa dini waliosomea ushauri, na wanasaikolojia wanaotoza kwa kikao, hao uliza bei kabla hujakaa.

Kikao chenyewe kwa kawaida kinakaribia saa moja. Mshauri anayejua kazi haanzi kwa kuuliza nani kakosa. Anauliza kila mmoja amekuja kutafuta nini, kisha mara nyingi huomba kumwona kila mtu peke yake. Hapo kuna swali ambalo wengi hawaulizi mapema: nikikuambia siri, utamwambia mwenzangu? Mshauri mmoja huficha, mwingine hukataa kubeba siri ya upande mmoja. Wote wana sababu zao, lakini wewe ujue kabla hujafungua mdomo.

Halafu wanarudi wawili. Mke anapewa nafasi aeleze siku aliyokopa. Mume anatakiwa asijibu, aseme tu alichosikia. Inachekesha kidogo, mtu mzima kurudia maneno ya mkewe, mpaka ujaribu. Mume atasema, "Amesema hakuniamini." Mke atakataa: "Sijasema hivyo. Nimesema niliogopa, maana mara ya mwisho nilipokuomba mtaji uliniambia genge langu ni mchezo." Sasa kilichokuwa chini kimetoka. Mume anaumia kwa aibu ya mlangoni, mke anaumia kwa dharau ya kazi yake. Mshenga alishughulika na deni tu.

Wanatoka na kazi ya nyumbani, na iwe ndogo. Kwa mfano, Jumapili jioni wakae nusu saa na daftari: genge limeingiza nini, viatu vimeingiza nini, deni limebaki kiasi gani. Pasiwe na mtoto wala simu, na nusu saa ikiisha waache hata kama hawajakubaliana. Kikao kinachofuata kinaanzia kwenye daftari hilo. Hesabu viwe vinne au sita, si kimoja. Baada ya hapo kama daftari halijafunguliwa hata mara moja, tatizo si mshauri. Ila mshauri akichukua upande, akikuhadithia ndoa za wengine, au jibu lake kila mara likiwa "vumilia", tafuta mwingine.

Sasa tuseme mume amekataa kwenda. Anasema hawezi kwenda kusemwa mbele ya mtu baki. Mama, usimwombe katikati ya ugomvi, wala usimtume mama yake. Chagua wakati ametulia, umwambie wewe umefika mwisho wa akili yako. Mwombe kikao kimoja tu, na umwachie achague mshauri awe mwanamume au mwanamke, na siku isiyomvurugia biashara. Wanaume wengi hukataa kwa kuhofia kwamba kesi imeshaamuliwa kabla hawajafika, na wanawake wanaokataa huogopa hilohilo.

Akikataa tena, nenda peke yako. Utajifunza namna ya kusema bila kuwasha moto, na utaamua kwa utulivu mambo ya deni na ada ya watoto. Wapo wanaomfuata mwenzao baada ya kuona amebadilika. Lakini mtu mmoja hawezi kuitengeneza ndoa ya watu wawili, na mshauri mkweli atakuambia hivyo mapema.

Na wewe unayekataa, nina neno lako. Mwenzako akifika Baraza, utaitwa. Wito huo ukiupuuza kwa makusudi, sheria inamruhusu aende mahakamani kudai talaka hata bila hati ya Baraza. Kukaa kwako nyumbani hakuzuii kesi. Kunakufanya ukose tu mahali pa mwisho pa kusikilizwa kabla ya hakimu.