Maiki Ifike kwa Msemaji Ikiwa Moto



Vikao vyetu hupoa mahali pamoja: mkaribishaji amemaliza, msemaji bado anatafuta viatu kule nyuma, na watu washatoa simu. Leo nazungumzia hapo tu.

Tuseme baada ya Alasiri tuna kikao kuhusu haki za mtu aliyekamatwa. Msemaji ni dada mwanasheria, na wewe kijana wa kiume ndiye unamkaribisha.

Kabla hujaanza, mkalishe mbele, karibu na meza. Muulize jina lake latamkwa vipi na ataanza na neno gani. Akikwambia ataanza na Kifungu cha 49 cha Katiba, kinachotaka aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, basi hicho usikiguse. Ukikitaja wewe, yeye ataanza na kiporo. Wewe watilie watu hamu kwa swali: "Ndugu yako akichukuliwa usiku huu, kesho utamtafuta wapi, na utamwambia nini afisa?"

Ukianza swali hilo, mpe ishara ya jicho asimame. Swali likiisha, awe ashafika. Hapo ndipo utaje jina lake, na liwe neno lako la mwisho. Ukilitaja mapema kisha ukaendelea na shahada zake, watu watakuwa washamgeukia na ile hamu itakwisha akiwa bado amekaa. Takbir nayo iite kabla ya jina. Ukiiita baadaye, atasimama na maiki mkononi akikungoja wewe.

Maiki yenyewe iache ikiwa imewashwa. Ukiizima, neno lake la kwanza litakuwa "haloo, haloo". Kwa mwanamume mwenzako, ishike chini kwenye mkia, kichwa kikiwa juu, ili aipokee katikati. Usifunike kichwa chake kwa kiganja wala usikielekeze kwenye spika, italia mluzi. Kwa dada huyu, ambaye si maharimu wako, usimpe mkononi. Irudishe kwenye stendi uliyoipima mapema kwa kimo chake, kisha rudi nyuma na uondoke kwa upande ambao yeye hakujia. Kaa chini. Ukibaki umesimama pale, watu watakutazama wewe.

Kitu kimoja hakitengenezwi na mkaribishaji yeyote: adhana. Ikiwa zimebaki dakika kumi Magharibi iingie, usimkabidhi. Tuswali kwanza, aanze baadaye bila kukatizwa.

Utajuaje umefaulu? Sikiliza neno lake la kwanza. Likiwa ni jibu la swali lako, umemkabidhi vizuri. Likiwa ni "mnanisikia huko nyuma?", kikao kijacho fika mapema, uijaribu maiki mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.